Jina la mchezo wa methali: Bao la Hekima, Ng'amua, Mcheza Kwao au Jaza Kibaba?

Mchezo ulikamilika kabla ya jina. Una ubao wenye njia inayojizungusha kama gamba la konokono, dadu moja, kadi 80, mfuko wa komwe na vikombe vinne vya bati. Mchezaji anatupa dadu na kusogea, kisha aliyeketi kuliani kwake anamsomea nusu ya kwanza ya methali. Akiimalizia, anatia komwe moja kikombeni mwake. Akitoa na kisa kinachoonyesha methali hiyo hutumika wakati gani, na wenzake wakakikubali, anaongeza komwe mbili. Anayetangulia kujaza kikombe ndiye mshindi, na kikombe chetu kinabeba komwe 20 mpaka ukingoni.

Nimeanza na kanuni za mchezo kwa sababu jina halipimiki hewani. Mimi na dada yangu tulikaa wiki kadhaa tukibishana jina lipi ni tamu, na hatukufika popote, mpaka tulipoacha kuuliza utamu na kuanza kuuliza mikono ya wachezaji inafanya nini. Majina yaliyobaki mezani yalikuwa manne: Bao la Hekima, Ng'amua, Mcheza Kwao na Jaza Kibaba. Kila moja linagusa mchezo na linagusa busara, ila kila moja linamwahidi mnunuzi kitu tofauti. Nayaweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya yeyote mwenye mchezo wa aina hii na anayetafuta jina lake.

Yapo yaliyoanguka mapema. Neno "Methali" likiwa peke yake kwenye kifuniko linanuka darasa. Aliyesoma Kenya au Tanzania ameamrishwa mara nyingi mno kueleza maana na matumizi ya methali, na akiliona neno hilo juu ya boksi anadhani ni kitabu cha ziada cha mtihani. "Mithali" nalo lina mwenyewe: ndilo jina la kitabu kizima katika Biblia ya Kiswahili, na mnunuzi ana haki ya kutarajia aya za Sulemani ndani ya boksi.

Bao la Hekima

Hili ndilo lililotujia kwanza, na nadhani ndilo litakalomjia kwanza karibu kila mtu. Linasema yote mawili waziwazi. Bao ni mchezo, hekima ni hekima. Hata mama yetu alilikubali palepale bila kuuliza swali.

Tulichapisha kifuniko kimoja cha majaribio, tukakipeleka barazani kwa jirani, Ngamiani, Tanga, mahali ambapo wazee hucheza bao kila alasiri baada ya sala. Mzee mmoja alilipokea boksi kwa furaha, akalifungua, akaugeuza ubao mbele na nyuma, halafu akaniangalia.

"Mwanangu, mashimo yako wapi?"

"Mzee wangu, huu hauna mashimo. Ni wa kadi."

"Basi si bao."

Akalifunika boksi, akanirudishia kwa mikono miwili. Hakuwa na ubaya wowote. Kwake yeye bao ni mashimo 32 katika safu nne na kete 64, ni nyumba na kichwa na kimbi, ni kunamua na kutakata. Jina letu lilimwita yeye hasa, mchezaji wa miaka mingi, kisha likampa kitu ambacho hakukiagiza. Kosa la jina namna hii hulijui ukiwa peke yako na karatasi yako, kwa sababu wewe tayari unajua kilichomo ndani. Linajulikana mtu mwingine anapofungua boksi na kutafuta kitu ambacho hakipo.

Kuna na mzigo mwingine. Bao la mpira limelimeza neno hili mitandaoni. Andika "bao" simuni uone: utaletewa nani kafunga dakika ya ngapi. Kupiga bao ni kutazamia, kwa hiyo zipo nyumba ambazo jina hilo litawakumbusha ramli. Na vijana wa mtaani wana maana yao ya chumbani ambayo sitaifafanua, ila kijana wa duka uliyempelekea boksi atacheka, nawe utajua kwa nini. Maana moja ya pembeni jina linaihimili. Tatu kwa pamoja ni nyingi.

Kuhusu "hekima" nina neno moja. Ni neno zito, la mimbari. Akili lina mguu mmoja uwanjani, ndiyo maana watu husema "mchezo wa akili" bila kusita, na busara ni la kikao cha wazee. Hekima inakuja na sauti ya kuonya. Mpwa wangu wa miaka kumi aliposoma kifuniko aliuliza kama ni lazima acheze. Tangu siku ile nashikilia kwamba jina la mchezo wa methali lisitaje busara kwa jina lake. Mnunuzi aione mwenyewe.

Bao la Hekima linafaa pale tu ambapo mchezo wako ni bao kweli, wenye mashimo na kete, na methali zimeingizwa katika mwendo wake, kwa mfano kila anayekula sharti amalizie methali kabla ya kusambaza kete zake. Hapo jina halidanganyi. Hata hivyo, fahamu kwamba ukienda kulisajili utapata shida, kwa sababu neno linaloitaja bidhaa yenyewe ni gumu kulimiliki. Bao ni la wote.

Ng'amua

Hili lilitoka kwa dada yangu, naye alilipenda sana, kwa hiyo nitalitendea haki. Chimbuko lake ni methali: "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua." Kung'amua ni kufika kwenye maana iliyojificha. Ni neno moja, ni amri, lina nguvu mdomoni, na halihitaji kutaja hekima kwa sababu limeibeba tumboni. Ukiita "Njooni tucheze Ng'amua!" uani, watoto wanageuka.

Shida ya kwanza ni ndogo lakini haiondoki. Ile alama ya juu katika ng' haiingii kwenye anwani ya tovuti, na mara nyingi haiingii kwenye jina la akaunti. Utaandika "ngamua", na asiyelijua jina atalisoma kama ngamia. Tulimpa rafiki yetu jina hili kwa njia ya simu, tukamwomba alitafute. Aliandika "ngamua", akaandika "nga'mua", akaandika "gamua". Mtu mmoja huyo, mara tatu, naye ni mwalimu.

Shida ya pili imo kwenye methali yenyewe. Wengine husema "mwerevu huling'amua", wengine "huligangua", na kila mmoja ana bibi yake wa kumshuhudia. Dada aliwahi kupendekeza "Ligangue" ili kukwepa ng', na kwa masikio ni jina zuri kweli. Lakini kugangua ni kazi ya mganga, ni kuondoa uchawi, na boksi lenye jina hilo halitalala rafuni kwa amani katika nyumba nyingi ninazozijua. Halafu nusu ya kwanza ya methali inamtaja mjinga. Katika mchezo ambao mtoto anaweza kumshinda babu, jina linalomfanya aliyeshindwa kuwa ndiye aliyefumbiwa fumbo lina ukali ambao sikuutaka mezani.

Kilicholiondoa hasa ni ahadi yake. Ng'amua linaahidi kufumbua. Mchezaji atarajie kupewa kitu kisichoeleweka na kukitafutia maana, kama kwenye vitendawili, au kama mtu anayesoma jina la kanga aliyojifunga jirani na kujiuliza limeandikwa kwa ajili ya nani. Mchezo wetu haufanyi hivyo. Unaanza na kumalizia, ambako ni kukumbuka, na maana inafuata kwa hiari. Kama kadi zako zina visa, na mchezaji anatakiwa kutaja methali iliyofichwa ndani ya kisa, chukua Ng'amua leo na uvumilie shida ya ng'. Kwa mchezo kama huo sijaona jina linalolizidi.

Mcheza Kwao

Hapa nilijifunza jambo ambalo limenisaidia kuliko mengine yote. Mwambie Mswahili yeyote "mcheza kwao" unyamaze. Atakumalizia: "hutunzwa." Hatajizuia. Jina lililo nusu ya methali linamchezesha msomaji mchezo wenyewe kabla hajagusa boksi, na akimaliza kulisoma amekwisha kujua ndani kuna nini. Busara haijatajwa, na bado imefika. Mchezo umetajwa, tena kwa neno lake hasa.

Na methali imetokea mahali pazuri. Mcheza ngoma akicheza kwao, watu wake huinuka wakamtuza, wakamtia pesa mkononi au kwenye paji la uso, kama afanyiwavyo mwimbaji wa taarabu mpaka leo. Kwa mchezo wa familia, unaochezwa nyumbani na watu wa nyumbani, sikuona methali inayoukaribia zaidi.

Basi kwa nini nililiacha? Nililiita kwa sauti. "Tucheze Mcheza Kwao." Ulimi unajikwaa, cheza juu ya cheza. Baada ya siku mbili wanangu walikuwa wanasema "tucheze kwao", na sasa ni sentensi nyingine kabisa: twende tukacheze nyumbani kwa watu. Halafu upatanisho. Mchezo umekwisha, lakini Mcheza Kwao je, amekwisha? Umekwisha? Nilisikia yote mawili katika jioni moja. Si kosa la msemaji. Jina la mtu limevalishwa kitu, na sarufi inavutwa huku na huku kila linapotamkwa. Majina ya namna hii, yanayoanza na m- ya mtendaji, yajaribiwe katika sentensi nzima kabla ya kuchapishwa: limepotea, nipe, uko wapi, umekwisha.

Kuna na pengo la umri. Niliwauliza vijana wanne "hutunzwa" maana yake nini, na watatu walisema "huangaliwa vizuri, hulelewa", kama atunzwavyo mtoto au bustani. Kutunza kwa maana ya kutoa tuzo kumewapita. Methali wanaijua yote, ila kwao inasema jambo jingine. Hilo peke yake lisingeniogopesha, kwa sababu mchezo wenyewe upo ili mabishano hayo yazuke. Lililonikwaza ni kwamba katika mchezo wetu hakuna anayetuzwa kwa kuonyesha. Unatiwa komwe kikombeni kwa kujua, moja leo moja kesho.

Kama mchezo wako una kuigiza, kuimba au kusimama mbele ya wenzio na kuonyesha methali kwa vitendo bila kusema, na wao ndio wanaokupa alama, jina hili ni lako. Ningelifupisha lisomeke Hutunzwa, ili m- ya mwanzo iondoke na tuzo ibaki.

Jaza Kibaba

Kwanza tulikuwa na Haba na Haba. Lina mdundo, mtoto wa miaka mitatu analiweza, na msomaji anamalizia mwenyewe. Lakini limechakaa kwa upande mmoja: ukimwambia mtu "Haba na Haba" anasikia akiba. Shangazi yangu alidhani tunamwalika kwenye kikundi cha kukopeshana. Aliuliza hisa ni shilingi ngapi.

Dada ndiye aliyegeuza methali. Badala ya kuchukua kichwa, tuchukue mkia: hujaza kibaba. Tukaondoa hu- ikawa amri, Jaza Kibaba. Mambo mawili yakabadilika mara moja. La kwanza, jina sasa linakuambia la kufanya. Hilo ndilo lengo la mchezo, si mfano wake wala sifa yake. Anayeshika kikombe kwa mara ya kwanza hahitaji kusomewa namna ya kushinda. La pili, kumalizia kukawa kwa kinyumenyume. Nusu ya kwanza ukipewa, ya pili inatoka yenyewe bila kufikiri, na kwa hiyo haikushiki. Ukipewa nusu ya pili unarudi nyuma kutafuta kichwa: jaza kibaba, jaza kibaba, aa, haba na haba. Ni kama nukta ya pumzi moja, na ndani ya nukta hiyo mtu huinua macho kutoka kwenye boksi. Nimeiona kwa watu wengi sasa, na kila ninapoiona nafurahi upya.

Katika sentensi linakaa. "Tucheze Jaza Kibaba." "Jaza Kibaba umekwisha." Kwa kuwa ni amri, halina ngeli inayoshindana na ngeli ya mchezo. Kwenye simu linaandikwa kama linavyotamkwa, bila alama wala herufi za kubahatisha. Na limezaa kitu ambacho hatukukipanga: mchezaji akitia komwe ya ishirini anapiga kelele "Kibaba!" Hakuna aliyewafundisha.

Kasoro zake ninazijua. Kibaba ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi, na vijana wa leo wanapima kwa kilo au kwa kopo. Mpwa wangu yuleyule aliuliza kama kibaba ni baba mfupi. Lakini tofauti na kutunzwa, pengo hili boksi linaliziba lenyewe, kwa kuwa kikombe kimo ndani. Nilimwekea mbele, nikamwambia hiki ndicho kibaba chako, na swali likaisha. Kama mchezo wako una kadi tupu, bila chombo cha kujazwa, usilichukue jina hili. Litabaki neno la kamusi.

Neno "jaza" nalo limezoeleka kwenye matangazo ya vocha. Juu ya boksi lisilo na picha mtu anaweza kudhani kuna bahati nasibu, jambo ambalo kwa mchezo wenye dadu linahitaji uangalifu, maana wapo wazazi ambao dadu peke yake inawatia shaka ya kamari. Tulichora kikombe chenye komwe kwenye kifuniko, tukaiacha dadu isionekane kabisa. Na tulikuwa tumeanza kuziita komwe "kete", kama zinavyoitwa baoni, tukaacha. Katika habari za polisi kete ni vifurushi vya dawa za kulevya, na "jaza kete" ni maneno ambayo sitaki yatoke kinywani mwa mtoto wangu akiwa njiani.

Mnapokuwa mnachagua

Iteni kwa sauti, kutoka jikoni mpaka uani. Mtajieni mtu kwa simu, na aandike. Halafu mpeni boksi mtu asiyejua kitu, mumuulize, kabla hajalifungua, anatarajia kukuta nini ndani. Jibu lake liandikeni kama alivyolisema. Sisi jibu la mzee wa Ngamiani lilituokoa kuchapisha maboksi mengi ya Bao la Hekima, na halikutugharimu zaidi ya kifuniko kimoja.

Kazi ya kueleza msilitwike jina. Ipo mstari wa chini yake. Chini ya Jaza Kibaba tumeandika kwa herufi ndogo "mchezo wa methali kwa watu 2 hadi 4", na hapo neno methali halinuki darasa tena kwa sababu halikutangulia. Jina likishajua kwamba mstari huo upo, linakuwa huru kudokeza tu.

Kabla ya kuchapa, tafuteni kama lina mwenyewe. Tanzania Bara alama za biashara zinasajiliwa BRELA, Zanzibar ni BPRA, na usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili, jambo ambalo watu wengi huligundua wamechelewa. Kenya ni KIPI. Michezo na vitu vya kuchezea viko katika daraja la 28. Methali yenyewe itabaki ya kila mtu. Mnachoomba ni haki ya kuliweka jina hilo juu ya mchezo.

Nusu ya kwanza hatukuitupa. Tumeichapa ndani ya kifuniko, upande ambao hauonekani mpaka boksi lifunguliwe: "Haba na haba." Anayelibeba kutoka dukani anafika nayo nyumbani akiwa ameshaisema.